Jua na Moto: Njia Mbili za Kuyatoa Maji Kwenye Chumvi

Kaskazini ya Malindi, katika eneo la Gongoni na Ngomeni, maji ya Bahari ya Hindi hugeuka kuwa chumvi bila kuwashiwa hata kijiti kimoja. Hufunguliwa yakaingia kwenye majaruba mapana yenye kina kifupi, yakaachiwa jua na upepo, na baada ya wiki kadhaa kinachobaki ni tabaka jeupe linalokwanguliwa kwa majembe. Mbali huko bara, Uvinza mkoani Kigoma, karibu na pale Mto Ruchugi unapokutana na Malagarasi, watu walitumia njia nyingine kwa zaidi ya miaka elfu moja. Walichota maji ya chemchemi za chumvi, wakayatia vyunguni, wakayachemsha kwa kuni hadi yakakauka. Chumvi hiyo ilisifika pande zote za Ziwa Tanganyika, na machifu wa Wavinza waliitoza ushuru.

Pande zote mbili kazi ni moja: kuyafukuza maji na kuiacha chumvi. Lakini maji ya jaruba hayafiki hata nyuzi 50 za sentigredi, ilhali ya chunguni hupita 100. Shuleni tulifundishwa kwamba maji hugeuka mvuke yakifika nyuzi 100. Basi yale ya Ngomeni yanakwendaje?

Jibu ni kwamba maji yana milango miwili ya kuwa mvuke. Mmoja ni uvukizaji, mwingine ni kuchemka. Inatofautiana kwa mambo mawili: mahali mvuke unapozaliwa na joto linalohitajika. Ukiyashika hayo mawili, utaelewa kwa nini jaruba ni pana na chungu ni kirefu, kwa nini chumvi ya Pwani hulowa kwenye kopo, na kwa nini kuchemsha maji ya bahari kwa kuni ni hasara tangu siku ya kwanza.

Kwenye uso wa maji

Maji yametengenezwa kwa molekuli, chembe ndogo mno zisizotulia hata dakika moja. Tunaposema maji yana nyuzi 30, tunataja wastani tu wa mwendo wa chembe hizo. Ndani ya wastani huo zipo za polepole, zipo za kadiri, na zipo chache zenye kasi kubwa mno. Molekuli za maji huvutana, kwa hiyo iliyo katikati ya kina haiwezi kutoroka; ikijaribu kwenda upande wowote huwakuta wenzake wameishika. Iliyo juu kabisa, kwenye uso unaogusana na hewa, haina wa kuishika kwa juu. Ikiwa ina kasi ya kutosha na inaelekea juu, hujinasua na kuingia hewani. Imekwisha kuwa mvuke.

Huo ndio uvukizaji. Hufanyika usoni tu, wala hauna joto maalumu la kuanzia, kwa kuwa katika joto lolote hazikosekani molekuli chache zenye kasi ya kutoroka. Maji yakiwa ya nyuzi 10 hutoroka chache, yakiwa ya nyuzi 35 hutoroka nyingi zaidi. Ndiyo maana nguo hukauka hata siku ya mawingu, polepole tu.

Kwa kuwa wanaotoroka ni wale wenye kasi, wanaobaki ni wa polepole, na maji hupoa. Ni kama wanafunzi wenye alama za juu wakihama darasa: hakuna aliyebaki aliyepungukiwa na alama, lakini wastani wa darasa umeshuka. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa njia hiyohiyo. Maji hupenya polepole kwenye vitundu vya udongo, huvukizwa kwenye ngozi ya nje, na joto la yale yaliyomo ndani huondoka nayo.

Si kila molekuli iliyotoka imeondoka moja kwa moja. Hewa iliyo juu ya maji nayo ina mvuke, na baadhi ya chembe za mvuke hugonga uso na kurudi majini. Uvukizaji tunaouona ni hesabu ya waliotoka kutoa waliorudi. Hewa ikiwa kavu, wanaorudi ni wachache na maji hupungua haraka. Hewa ikiwa imejaa unyevu, wanaorudi hukaribia kulingana na wanaotoka, na maji hukaa vilevile hata kukiwa na joto. Upepo nao husaidia kwa kuifagia hewa yenye unyevu iliyolala juu ya maji na kuleta kavu mahali pake. Mvuna chumvi kwa hiyo hatazami jua peke yake. Hutazama jua, upepo na ukavu wa hewa, na siku nzuri kwake ni ile inayoleta vyote vitatu.

Ndani ya chungu

Weka sufuria ya maji jikoni uyatazame kwa makini. Kabla hayajapata moto sana, vipovu vidogo hujitokeza vikajishika kwenye kuta za sufuria. Wengi hudhani ndiyo mwanzo wa kuchemka, lakini vipovu hivyo ni hewa ya kawaida iliyokuwa imeyeyuka majini. Maji ya moto hubeba hewa kidogo kuliko ya baridi, kwa hiyo ya ziada hujitenga.

Baadaye huanza mlio, sauti ya kuvuma kutoka chini. Sasa vipovu vya mvuke halisi vinazaliwa kwenye kitako cha sufuria, ambako maji yamepata moto zaidi. Vinapopanda na kukutana na maji ya juu ambayo bado hayajafikia joto hilo, mvuke uliomo hurudi kuwa maji na kipovu husinyaa ghafla. Mlio unaousikia ni wa maelfu ya vipovu vinavyosinyaa. Mwisho mlio hupungua, vipovu vinafika juu vikiwa vizima na vikubwa, na uso wote unatibuka. Hapo ndipo maji yamechemka.

Kwa nini vipovu visizaliwe mapema zaidi? Kwa sababu kipovu ni chumba kinachobanwa kutoka nje. Hewa yote iliyo juu yetu ina uzito, na uzito huo huyakandamiza maji. Kipovu cha mvuke husimama tu ikiwa mvuke uliomo unasukuma nje kwa nguvu isiyopungua ile ya hewa inayosukuma ndani. Nguvu hiyo wataalamu huiita kanieneo. Katika nyuzi 30, kanieneo ya mvuke wa maji ni kama asilimia 4 tu ya kanieneo ya hewa ya usawa wa bahari. Kipovu hakipati hata nafasi ya kuanza. Katika nyuzi 70 hufikia asilimia 31, katika nyuzi 90 asilimia 69, na katika nyuzi 100 nguvu hizo mbili zinalingana. Kuanzia hapo mvuke unaweza kujifungulia chumba popote ndani ya maji, chini au katikati, bila kungoja kufika usoni.

Hiyo ndiyo tofauti ya msingi. Uvukizaji hufanyika usoni na katika joto lolote. Kuchemka hufanyika ndani ya maji yote, na huanza pale mvuke unapopata nguvu ya kushindana na hewa. Uvukizaji ni kimya, kuchemka kuna vipovu.

Tofauti hiyo ya mahali ndiyo inayoamua umbo la chombo. Mvuke ukizaliwa usoni, kinachohesabika ni upana wa uso. Lita 100 ndani ya pipa zitakaa muda mrefu, lakini lita zilezile zikimwagwa kwenye sakafu pana hukauka siku hiyohiyo. Ndiyo sababu jaruba la chumvi lina ukubwa wa kiwanja na kina cha kufika kifundo cha mguu. Kwenye kuchemka, upana hauna kauli kubwa. Chungu chembamba na kirefu huchemka vizuri tu, na kasi ya kukauka kwake inategemea moto unaofika kitakoni.

Nyuzi 100 si sheria ya kila mahali

Ikiwa kuchemka ni kushindana na hewa, basi penye hewa nyepesi maji huchemka mapema. Dar es Salaam na Mombasa, kwenye usawa wa bahari, ni nyuzi 100. Nairobi, iliyo takribani mita 1,800 juu ya bahari, maji huchemka karibu na nyuzi 94. Juu ya Kibo, mita 5,895, ni takribani nyuzi 80, na maharage yanaweza kutokota huko kutwa yasiive, kwa kuwa maji yamefika kilele chake na hayapati moto zaidi.

Kilele hicho ni jambo la kukumbuka kila siku jikoni. Maji yakishachemka kweli, kuongeza kuni hakuyaongezei joto. Moto wote wa ziada huishia kutengeneza mvuke mwingi zaidi. Chakula kinachotokota kwa moto mdogo kina joto lilelile la kile kinachofurika kwa moto mkali. Kinachozidi kwenye moto mkali ni maji yanayopotea.

Chumvi ikiingia, hesabu inabadilika. Chembe za chumvi huzishika molekuli za maji na kuzinyima baadhi ya nafasi za kutoroka, kwa hiyo mvuke wake hupata nguvu kwa kuchelewa. Maji ya bahari huchemka juu kidogo tu ya nyuzi 100, tofauti isiyofika nyuzi moja. Lakini kadiri maji yanavyopungua chunguni na chumvi kubaki, kiwango hupanda, na maji yaliyoshiba chumvi kabisa huchemka karibu na nyuzi 108 au 109 kwenye usawa wa bahari. Uvinza, iliyo kwenye kimo cha karibu mita 1,000, mambo hayo mawili huvutana: kimo hushusha kiwango kwa nyuzi 3 hivi, chumvi hukipandisha kwa 8 au zaidi, na chungu cha mwisho hutokota karibu na nyuzi 105.

Mchemshaji wa chumvi huziona dalili bila kipimajoto. Vipovu huwa vizito na huchelewa kupasuka, punje nyeupe huanza kuzunguka na maji, kisha hujikusanya chini zikaganda kwenye kitako. Hapo kuna hatari. Tabaka la chumvi lililoganda huzuia moto usifike majini, kitako cha chungu hupata moto kupita kiasi na kupasuka, na maji yaliyonaswa chini ya tabaka hulipuka mvuke kwa mkupuo yakarusha matone ya moto. Kwa hiyo katika hatua hii hukoroga bila kuacha, hupunguza kuni, na huichota chumvi kila inapojikusanya.

Gharama ya joto ni ileile

Hapa ndipo wengi hukosea. Inaonekana kana kwamba jua linafanya kazi nyepesi kwa sababu maji hayafiki nyuzi 100. Sivyo. Kuing'oa molekuli kutoka kwa wenzake kunahitaji nguvu, na nguvu hiyo ni karibu sawa iwe imeng'olewa usoni au ndani ya kipovu.

Chukua kilo moja ya maji yenye nyuzi 30. Kuyapandisha hadi nyuzi 100 kunahitaji kilojuli 290 hivi. Kuyageuza yote kuwa mvuke baada ya hapo kunahitaji nyingine 2,260, karibu mara 8 zaidi, na muda wote huo kipimajoto hakisogei. Jumla ni kilojuli 2,550. Kilo hiyohiyo ikivukizwa palepale kwenye nyuzi 30, bila kupashwa moto hata kidogo, huhitaji kilojuli 2,430. Tofauti ni asilimia 5 tu. Aliyechemsha na aliyeanika wamelipa bei karibu moja. Kilichotofautiana ni mfuko uliotoa. Mmoja umelipiwa na kuni, mwingine na jua.

Tuifanyie hesabu kwenye jaruba moja dogo la mita 10 kwa 10, lililojazwa maji ya bahari kwa kina cha sentimita 10. Hizo ni lita 10,000. Kila lita ina gramu 35 za madini yaliyoyeyuka, na kati ya hizo kama 27 ni chumvi ya mezani. Ndani ya jaruba basi kuna kilo 270 za chumvi, na mvunaji mzuri atapata kama 200. Lakini chumvi hiyo haianzi kuganda mpaka maji yamepungua hadi karibu sehemu moja ya kumi, yaani mpaka lita 9,000 zimeondoka.

Katika hali nzuri ya Pwani, jua na upepo vinaweza kuondoa milimita 6 za maji kwa siku. Kwenye jaruba letu hizo ni lita 600 kila siku, na lita 9,000 zingekwisha kwa siku 15 kama kasi ingebaki ileile. Haibaki ileile, kwa sababu nitakayoieleza, kwa hiyo huchukua zaidi. Lakini gharama yake ni eneo na subira.

Sasa tujaribu kuzichemsha lita hizohizo. Kilo moja ya kuni kavu ina nishati ya kama kilojuli 16,000, na mafiga matatu yaliyo wazi huingiza chunguni kama asilimia 15 tu ya hizo. Zilizobaki huishia hewani. Kilo moja ya kuni kwa hiyo huondoa lita moja tu ya maji, au chini ya hapo kidogo. Kuziondoa lita 9,000 kungekula kuni karibu tani 10, ili kupata kilo 200 za chumvi. Ni kilo 50 za kuni kwa kila kilo moja ya chumvi.

Uvinza iliwezekana kwa sababu maji ya chemchemi zake yana chumvi nyingi kupita ya bahari. Maji yaliyoshiba kabisa hubeba zaidi ya gramu 300 za chumvi katika kila lita. Kupata kilo moja humo kunahitaji kuondoa lita tatu hivi, na kuni kilo tatu hadi nne zinatosha. Kinachoamua kama kuchemsha kutalipa ni ukali wa maji unayoanza nayo.

Kazi ya jaruba na mipaka yake

Mashamba ya chumvi hayatumii jaruba moja bali mfululizo wake. Maji huingizwa wakati wa bamvua, bahari inapojaa kuliko kawaida, na kutunzwa kwenye bwawa la kwanza ili tope litue. Kutoka hapo hupitishwa jaruba hadi jaruba yakizidi kuwa makali. Mpangilio huo una sababu, kwani chumvi ya mezani si ya kwanza kuganda. Chokaa hutangulia, kisha jasi, na hizo huachwa zitue kwenye majaruba ya katikati. Maji yakifika kwenye jaruba la mwisho yameshajitenga na takataka hizo, na kinachoganda ni chumvi.

Ukali hupimwa kwa kipimo kinachoelea, ambacho hupanda juu kadiri maji yanavyokuwa mazito. Alama zake huitwa digrii za Baumé, kwa jina la mkemia Mfaransa Antoine Baumé. Maji ya bahari husoma kama 3 na nusu. Chumvi huanza kuganda yakikaribia 26, na mvunaji huyamwaga yakifika 29 au 30. Akiendelea kungoja ili apate zaidi, huanza kupata madini ya magnesi yaliyobaki majini, na chumvi yake itakuwa chungu.

Tazama uso wa jaruba la mwisho mchana usio na upepo. Punje za kwanza hazitokei chini, hutokea juu, vipande vidogo vya mraba vinavyoelea kama vibao vyembamba. Ni kwa sababu maji yanaondokea pale usoni, kwa hiyo pale ndipo chumvi inapozidi kwanza. Punje zikikua huzama zikaendelea kunenepa chini kwa siku nyingi. Wakati mwingine hushikana zikawa utando unaofunika uso wote, na hilo ni tatizo: uso uliofunikwa hauvukizi. Mfanyakazi hupita na mti mrefu akiuvunja ili maji yapate tena kukutana na hewa. Kwenye chungu kinachotokota hali ni tofauti kabisa. Punje hutokea kila mahali kwa pamoja, zinagongana na kuvunjika, na hakuna hata moja inayopata nafasi ya kukua. Kwa hiyo chumvi ya jaruba hutoka ikiwa nene kama changarawe, na ya kuchemsha hutoka laini kama unga.

Mpaka mkubwa wa njia ya jua ni unyevu wa hewa. Nimesema kasi haibaki ileile, na sababu ni chumvi yenyewe. Ilivyozidisha joto la kuchemka, ndivyo inavyopunguza pia idadi ya molekuli zinazotoroka usoni. Juu ya maji yaliyoshiba chumvi, kanieneo ya mvuke ni robo tatu tu ya ile ya maji matamu. Maana yake ni kwamba unyevu wa hewa ukifika asilimia 75, wanaorudi wanalingana na wanaotoka na jaruba linasimama kabisa. Ukipita hapo, maji hutoka hewani na kuingia kwenye jaruba. Usiku mwingi wa Pwani unyevu hupita kiwango hicho, kwa hiyo jaruba la mwisho hufanya kazi mchana na kurudi nyuma kidogo usiku. Kuchemka hakuna shida hiyo. Mvuke wenye nguvu ya kuisukuma hewa yote hauzuiliwi na unyevu, na chungu hukauka hata katikati ya masika.

Mvua ni adui wa wazi zaidi, ingawa mvunaji mzoefu ana dawa yake. Maji ya mvua ni mepesi kuliko maji ya chumvi, kwa hiyo kama hakuna upepo wa kuyachanganya hukaa juu kwa muda. Akiwahi kufungua mlango wa jaruba kwa juu juu, ataiondoa mvua na kuyabakiza maji yake makali. Akichelewa mpaka upepo uvume, wiki za kazi zinapotea.

Kanuni hiyo ya asilimia 75 inafika hadi kwenye kopo lako. Chumvi iliyokauka ikikaa wazi kwenye hewa yenye unyevu kupita hapo, huvuta maji na kulowa. Ikiwa ilivunwa kwa pupa na mabaki ya magnesi hayakuchujwa vizuri, hulowa kwenye unyevu mdogo zaidi ya huo, kwa kuwa chumvi za magnesi huvuta maji hata kwenye hewa ambayo sisi tungeiita kavu. Chumvi inayotoa jasho kila siku kwenye kopo lililofungwa ina habari ya jaruba ilikotoka.

Kibiro: jua kwanza, moto mwisho

Wapo waliozitumia njia zote mbili, kila moja mahali pake. Kibiro, kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Albert nchini Uganda, ni kijiji ambacho wanawake wametengeneza chumvi kwa karne nyingi, na kila bustani ya chumvi hurithiwa ndani ya familia. Ardhi hapo ina unyevu wa chumvi unaotokana na chemchemi za moto. Wanawake hutandaza udongo mkavu juu ya ardhi hiyo asubuhi. Jua linapoyavukiza maji juu ya udongo, maji mengine hupanda kutoka chini kujaza nafasi, yakibeba chumvi. Maji hutoka, chumvi hubaki, na udongo huzidi kuwa na chumvi saa baada ya saa. Mvua ikinyesha hukusanya udongo wao haraka usiharibike.

Baadaye udongo huo hutiwa kwenye chungu chenye matundu chini, ukamwagiwa maji kidogo, na kinachochuruzika ni maji makali yenye rangi ya kahawia. Hayo ndiyo yanayopelekwa jikoni kuchemshwa, na udongo uliokwisha kuchujwa hurudishwa bustanini kutumika tena.

Ipime kazi yao kwa hesabu yetu. Sehemu kubwa ya maji imeondolewa na jua, usoni, bila gharama ya kuni, maana huko ndiko uvukizaji ulipo na nguvu. Zilizobaki ni lita chache za mwisho, zile ambazo jua huzichelewesha kwa sababu chumvi imeyashika maji na unyevu wa usiku unayarudisha. Lita hizo hupewa moto, ambao haujali unyevu wala usiku.

Kwenye Pwani yetu bado wapo wanaochemsha maji ya chumvi kwa kuni za mikoko, na wengi wao hawana eneo la kuchimba majaruba wala mtaji wa kujenga kingo. Kwao ushauri wa kuacha moto kabisa hautoshi. Lakini tofauti kati ya kilo 50 za kuni na kilo 4 kwa kila kilo ya chumvi haipatikani kwa kununua jiko jipya. Hupatikana kwa kuyaanika maji kwanza, kwenye sakafu pana yenye kina kifupi, mahali penye upepo, na kuyapeleka jikoni yakiwa yamekaribia kuganda. Kipimo kinachoelea kinatosha kuonyesha saa hiyo. Kila chungu cha maji mabichi ya bahari kinachowekwa motoni kinachoma mikoko ili kufanya kazi ambayo jua lingeifanya bure.